Aliyepokea wa kwanza katika upatu ni mdaiwa

Imeniuma kusikia kwamba kikundi kimoja cha marafiki kimevunjika kwa sababu aliyepokea wa kwanza aliacha kuchanga, na wenzake wakaona haya kumdai. Walisema kwamba fedha ilikuwa yake, kwani zamu ilikuwa yake. Hapo ndipo walipokosea.

Tuchukue upatu wa watu 10, kila mmoja akichanga 100,000 kwa mwezi. Mwezi wa kwanza mtu anapokea 1,000,000 ilhali ametoa 100,000 tu, kwa hiyo 900,000 zilizobaki ni mkopo usio na riba aliopewa na wenzake. Wa mwisho, kwa upande wake, anajiwekea akiba mwaka karibu mzima. Faida ni ya kweli: kila mmoja akijiwekea peke yake, wote wangesubiri miezi 10 kuzipata hizo 1,000,000, lakini kwa kupokezana, tisa kati yao wanazipata mapema zaidi. Nakubali kwamba wa mwisho hapati haraka yoyote, na bei zikipanda fungu lake hununua kidogo. Anachopata ni kubanwa na macho ya wenzake asile akiba yake.

Sasa aliyepokea wa kwanza anaacha kuchanga baada ya mwezi wa tatu. Michango yake 7 haitakuja. Kikundi kisipokuwa na makubaliano, kila mmoja wa wale 7 ambao hawajapokea atapata 900,000 badala ya 1,000,000, na wale wawili waliokwisha kupokea hawatapoteza chochote. Hili si haki hata kidogo, kwa sababu walioaminiana kwa subira ndio wanaoadhibiwa! Pengo la 700,000 ligawanywe kwa wote tisa, waliopokea na wasiopokea, na kila mmoja atabeba takriban 78,000, huku mdaiwa akiendelea kudaiwa. Sharti hilo liandikwe na kutiwa saini kabla ya mchango wa kwanza, kwa maana aliyekwisha kupokea hatalikubali baadaye.

Kura ya kupanga zamu inaonekana ya haki, lakini inaweza kumpa zamu ya kwanza mtu ambaye hakuna anayejua kipato chake. Mgeni apangwe mwishoni, au alete mdhamini aliye ndani ya kikundi ambaye zamu yake bado, ili deni likatwe kwenye fungu la mdhamini huyo. Fedha zisilale kwa kijumbe. Zikusanywe na kukabidhiwa siku hiyo hiyo.

Dalili ya kwanza ya hatari ni mtu aliyekwisha kupokea kuanza kuchelewa siku mbili tatu, kisha kuleta nusu ya mchango. Aulizwe mwezi huo huo, wakati deni bado linalipika, na kama ameugua au amepoteza kazi, apunguziwe kiwango na kuongezewa miezi. Kuhusu kifo, wanachama waamue mapema kama salio litasamehewa na wote au litadaiwa kwa warithi, kwa sababu msibani hapafai kujadiliwa deni.