Salio la ruzuku ya mradi: deni kwa mfadhili au mfuko wa asasi?

*"Asasi yetu ya afya ya mama na mtoto inafunga hesabu tarehe 31 Desemba, na kwenye akaunti ya mradi kuna shilingi 11,500,000. Wajumbe wawili wa bodi wanasema ni deni kwa mfadhili, wengine wanasema ni fedha zetu kwa kuwa mkataba umeshasainiwa. Tuziandike wapi?"* – Mweka hazina wa asasi ya kijamii, Morogoro

Kabla ya kubishania mahali pa kuandika, ni lazima kiasi chenyewe kijulikane, na shilingi 11,500,000 ni salio la benki tu. Salio la ruzuku ni kitu kingine, na mara nyingi tarakimu hizo mbili hazilingani hata katika asasi ambayo hakuna aliyeiba wala kuzembea.

Kwa maelezo ya mweka hazina, asasi ilipokea awamu ya kwanza ya shilingi 36,000,000 mwezi Julai, na hadi siku ya kufunga hesabu malipo yaliyotoka benki yalifikia 24,500,000. Ndani ya malipo hayo, hata hivyo, kuna mambo mawili ambayo si matumizi ya mradi. La kwanza ni masurufu ya shilingi 1,800,000 aliyopewa afisa wa mradi kwa ajili ya mafunzo ya wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Stakabadhi alizorejesha zinaonyesha kwamba alitumia 1,450,000 mwezi Desemba, na 350,000 zilizobaki alizirudisha Januari. La pili ni shilingi 3,000,000 zilizohamishiwa akaunti ya uendeshaji ili kulipa mishahara, kwa makubaliano ya mdomo kwamba zitarudishwa ruzuku nyingine itakapoingia. Kwa upande mwingine, vitabu vya mafunzo vyenye ankara ya 2,200,000 vilikwisha kupokelewa Desemba, lakini mzabuni hakuwa amelipwa.

Matumizi halisi ya mradi kwa hiyo ni 24,500,000, ukitoa 3,000,000 na 350,000, kisha ukaongeza 2,200,000, yaani shilingi 23,350,000. Ruzuku ambayo haijatumika ni 12,650,000, na kiasi hicho kinathibitika pia kwa kuanzia upande wa pili: 11,500,000 zilizoko benki, pamoja na 350,000 zilizo mikononi mwa afisa, pamoja na 3,000,000 ambazo mfuko wa uendeshaji unadaiwa na mradi, ukiondoa 2,200,000 za mzabuni. Njia hizo mbili zisipokutana, asasi haina salio la kuripoti; ina makadirio. Pikipiki iliyoagizwa Desemba lakini haijafika haiingii popote katika hesabu hii. Ni ahadi ya malipo, na mahali pake ni katika maelezo ya hesabu, ili msomaji ajue kwamba sehemu ya salio tayari imefungwa na oda.

Sasa swali la bodi. Wanaosema deni wana hoja nzito. Fedha zilitolewa kwa kazi maalumu ndani ya kipindi maalumu, na kazi haijakamilika. Kuzihesabu zote kuwa mapato ya mwaka ni kujitangazia ziada ambayo asasi haijaifanyia kazi. Kwa mtazamo huu mapato ya ruzuku yanatambuliwa kadiri matumizi yanavyofanyika: taarifa ya mapato na matumizi itaonyesha mapato ya 23,350,000 dhidi ya matumizi ya 23,350,000, na 12,650,000 zitakaa kwenye mizania upande wa madeni zikiitwa mapato yaliyoahirishwa. Viwango vya kimataifa vya taarifa za fedha kwa taasisi ndogo na za kati, katika sehemu yake ya 24, vinafuata mantiki hiyo kwa ruzuku za serikali zenye masharti ya utekelezaji, na wahasibu wengi wa asasi huiazima kwa ruzuku za wafadhili binafsi. Kuna pia faida ambayo haimo katika viwango, lakini kila mweka hazina anaifahamu. Mkutano mkuu ukiona ziada ya milioni kumi na mbili, wanachama watauliza kwa nini posho zao hazijalipwa, na itakuwa vigumu kuwaeleza kwamba fedha hizo zipo ila haziguswi.

Wanaosema mfuko wa asasi nao hawakukosea. Kwa mujibu wa mwongozo wa uhasibu wa mashirika ya hisani nchini Uingereza, asasi inatambua mapato pale inapokuwa na haki ya kuyapata, na kwamba fedha zimefungwa kwa kusudi fulani hakuondoi haki hiyo. Kunachofanya ni kuziweka katika mfuko wenye masharti, mbali na mfuko wa jumla. Hapo taarifa itaonyesha mapato ya 36,000,000, matumizi ya 23,350,000, na mfuko wenye masharti wa 12,650,000. Msomaji anaona mara moja ni kiasi gani kilipokelewa, jambo ambalo njia ya kwanza inalificha. Udhaifu wake hujitokeza mwaka unaofuata: salio litakapotumika bila fedha mpya kuingia, taarifa itaonyesha nakisi ya milioni kumi na mbili, na mtu asiyesoma safu ya mifuko atadhani asasi imeanguka.

Kinachoamua, kwa maoni yangu, ni kifungu kimoja cha mkataba ambacho watu hukipita haraka wakitafuta bajeti. Kiwango cha sekta ya umma cha IPSAS 23 kiliweka tofauti hii kwa uwazi, na ingawa IPSAS 47 kimechukua nafasi yake kuanzia 1 Januari 2026, tofauti hiyo bado inamsaidia mtu kufikiri. Mkataba ukieleza tu fedha zitumike kwa nini, hilo ni zuio la matumizi na peke yake halizai deni. Mkataba ukisema kwamba fedha zisizotumika kama ilivyokubaliwa zitarudishwa, na mfadhili ana nguvu ya kulidai hilo, hapo kuna sharti, na sharti huzaa deni hadi litimizwe. Wamarekani, katika mabadiliko ya mwaka 2018 ya viwango vyao vya uhasibu, walikwenda mbali zaidi: haki ya kurudishiwa fedha haitoshi peke yake; lazima pia kuwe na kikwazo kinachopimika, kwa mfano idadi ya wahudumu watakaofunzwa, ambacho asasi inapaswa kukivuka kabla ya kustahili fedha.

Kwa mkataba wa asasi hii, ambao kwa maelezo ya mweka hazina unaagiza salio lirudishwe baada ya kipindi cha mradi kwisha tarehe 30 Juni na unataja idadi ya mafunzo yatakayofanyika, ningeliandika deni bila kusita. Kama ungekuwa mchango wa mfadhili aliyesema tu "zitumike kwa afya ya mama na mtoto", ningeuweka katika mfuko wenye masharti, na ningempinga yeyote anayetaka kuuficha miongoni mwa madeni ili asasi ionekane maskini mbele ya mfadhili mwingine. Sera itakayochaguliwa iandikwe katika maelezo ya hesabu na ifuatwe mwaka hadi mwaka. Mkaguzi anaweza kukubali njia yoyote kati ya hizo ikiwa mkataba unaiunga mkono, lakini hawezi kukubali asasi inayobadilisha njia kulingana na sura inayotaka kuonyesha.

Lipo tatizo ambalo mjadala wa deni au mfuko haulitibu. Tuseme asasi hiyohiyo ina ruzuku ya pili, na imeitumia kupita kiasi kwa shilingi 4,000,000. Zikijumlishwa katika mstari mmoja wa mapato yaliyoahirishwa, mizania itaonyesha 8,650,000, tarakimu ambayo hakuna mfadhili hata mmoja anayeitambua. Ukweli ni kwamba mfadhili wa kwanza ana salio la 12,650,000 na kwa ruzuku ya pili kuna pengo la 4,000,000. Pengo hilo ni mali inayodaiwa pale tu mkataba wa pili unapoahidi kurejesha gharama zilizotangulia. Vinginevyo ni mzigo wa mfuko wa jumla, na lazima uandikwe hivyo mwaka uleule. Ndiyo maana jedwali la mwenendo wa ruzuku, lenye mstari mmoja kwa kila mfadhili likionyesha salio la kuanzia, fedha zilizopokelewa, zilizotumika, zilizorudishwa na salio la kufunga, lina thamani kuliko jina la kichwa cha habari kwenye mizania. Asasi yenye akaunti moja ya benki kwa miradi yote inaweza kulitengeneza jedwali hilo vizuri tu, mradi kila hati ya malipo ibebe msimbo wa mfadhili siku inapoandikwa, si wakati mkaguzi amekwisha kuingia ofisini.

Zile 3,000,000 zilizoazimwa ndizo zinazonitia wasiwasi zaidi. Asasi nyingi hufanya hivyo kwa nia njema, na katika leja inaonekana ni uhamisho tu kati ya akaunti mbili. Lakini fedha inayotarajiwa kuziba pengo inaweza isije. Januari 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha ghafla misaada yake ya nje, asasi zilizokuwa zimeazima kutoka mradi mmoja kulipia mwingine zilibaki na deni la ndani lisilo na mlipaji. Kama mfuko wa uendeshaji hauna uwezo wa kurudisha 3,000,000, salio la 12,650,000 bado linadaiwa na mfadhili kwa ukamilifu, ila sehemu yake haina fedha nyuma yake, na bodi inapaswa kulijua hilo kabla ya kusaini hesabu.

Taarifa kwa mfadhili nayo haifanani lazima na hesabu zilizokaguliwa. Wafadhili wengi hutaka matumizi yaliyolipwa tu, hivyo ankara ya mzabuni haitahesabiwa na salio litasomeka 14,850,000. Hakuna ubaya katika hilo, ikiwa chini ya taarifa kuna mistari michache inayotoka 14,850,000 hadi 12,650,000 na kutoka hapo hadi 11,500,000 za benki. Kinacholeta maswali ni tarakimu tatu katika nyaraka tatu bila daraja kati yake. Barua ya kuomba kuongezewa muda bila fedha za ziada iende mapema, kabla ya 30 Juni, kwa kuwa gharama iliyofanyika baada ya kipindi kwisha hukataliwa hata kama ni halali kwa kila kigezo kingine.

Na salio likirudishwa, muamala wake unapunguza deni na unapunguza benki, basi. Asasi inayoandika marejesho kama gharama ya mradi inakuwa imeripoti matumizi ambayo hayakufanyika, na kasma ya bajeti itasomeka imetumika yote wakati fedha zimekwisha kurudi zilikotoka. Kwa asasi iliyotumia njia ya mfuko, marejesho hayo yaonekane katika mstari wake mwenyewe ndani ya mwenendo wa mfuko, yakiambatana na hati ya benki na barua ya mfadhili ya kuthibitisha kupokea.