Sahihi moja kwa watoto 32

"Nafanya utafiti wa shahada ya uzamili kuhusu majonzi ya watoto waliofiwa na wazazi, wenye miaka 10 hadi 17, kwenye kituo kimoja cha kulelea yatima. Meneja yuko tayari kunisainia fomu za ridhaa za watoto wote 32. Kamati ya maadili itakubali, au niachane na kituo?"

Wanaomtetea meneja hawana hoja nyepesi. Kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, Tanzania Bara, kila aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, kwa hiyo lazima mtu mzima aridhie kwa ajili yake. Anayempeleka mtoto huyu hospitali usiku na kuitwa shuleni akikosea ni meneja. Ukimkataa, utabaki na watoto wasio na wa kuwasainia, utafiti utawaruka, na huduma zao zitaendelea kupangwa kwa kukisia. Bucharest ni mfano wao mzuri wa utafiti ndani ya makao ya watoto: katika mradi ulioanza mwaka 2000, watafiti waliwagawa kwa bahati nasibu watoto 136 wa makao ya serikali ya Romania, nusu wakapelekwa kwa familia za kambo na nusu wakaendelea na malezi ya kawaida. Wakosoaji waliuliza iweje wengine waachwe makaoni. Watafiti walijibu kwamba familia za kambo mjini humo zilikuwa karibu hazipo kabla ya wao kuja, na kwamba hawakumzuia mtoto yeyote kuhamishwa nafasi nyingine ikipatikana. Kwa maoni yangu jibu hilo linasimama, ingawa si kwa raha.

Upande wa pili unaikumbuka Willowbrook, makao ya watoto wenye ulemavu wa akili huko New York. Kuanzia miaka ya 1950 watoto waliambukizwa homa ya ini kwa makusudi ili ugonjwa uchunguzwe. Fomu zilikuwepo na wazazi walisaini. Lakini kuna wakati makao yalifunga milango kwa kujaa, na nafasi zilizobaki zikawa za wodi ya utafiti. Mzazi aliyechoka alisaini nini hapo, ridhaa au kitanda?

Meneja wako hauzi kitanda, ila naye ana lake. Kituo kinaishi kwa wafadhili. Utafiti kutoka chuo kikuu unakipa sifa, na matokeo mabaya yanaweza kukikosesha fedha. Yeye pia ndiye anayeamua nani apelekwe likizo na nani apate viatu vipya. Kwa hiyo mwombe sahihi ya kuruhusu uingie kituoni, si ya kuridhia kwa niaba ya mtoto mmoja mmoja. Kwenye andiko hizo ziwe fomu mbili tofauti.

Kisha fungua mafaili, kwa ruhusa, pamoja na afisa ustawi wa jamii. Neno yatima hutumika kwa mapana, na watoto wengi wa vituoni wana mzazi mmoja hai. Tuseme kati ya 32 wako, 11 wana mama au baba anayejulikana aliko, 12 wana bibi au mjomba anayewatembelea, na 9 waliletwa na ustawi bila ndugu yeyote aliyepatikana. Kwa wale 11 ridhaa ni ya mzazi, hata kama anaishi wilaya nyingine na nauli ni yako. Kwa wale 12 ni ya huyo ndugu, afisa ustawi akithibitisha kuwa ndiye mlezi. Wale 9 ndio wagumu: aridhie afisa ustawi, na awepo mtu wa tatu asiyelipwa na kituo wala na wewe, kwa mfano mwalimu anayewafahamu, mwenye mamlaka ya kusema mtoto huyu asihojiwe. Juu ya yote hayo mtoto mwenyewe akubali, kwa maneno ya umri wake.

Sasa jedwali la hatari. Karibu kila ombi ninalosoma lina mstari huu: "Mtoto anaweza kuhuzunika. Uwezekano: mdogo. Hatua: atapelekwa kwa mshauri." Unamuuliza mtoto wa miaka 11 siku mama yake alipozikwa, halafu unaandika uwezekano mdogo? Andika mkubwa. Kamati haikatai hatari kubwa iliyopangiwa, inakataa iliyofichwa. Mstari mzuri unaeleza kwamba mahojiano yatasimamishwa mtoto akilia, akinyamaza ghafla au akianza kujibu "sijui" kwa kila swali. Kwamba mshauri fulani wa hospitali ya wilaya amekubali kwa barua kuwa kituoni siku hizo. Kwamba gharama yake imo kwenye bajeti. Na kwamba utarudi baada ya siku 3 na tena baada ya wiki 2, kwa sababu majonzi huja usiku, wewe ukiwa umeshaondoka. Ukikosa mshauri, badilisha maswali: uliza kinachowasaidia watoto kituoni, acha kifo chenyewe.

Mstari ambao wengi hawauandiki kabisa ni wa siri. Fomu inaahidi kwamba utakachosema hakitamfikia mtu. Mtoto anakuamini, anakwambia kwamba anapigwa, na anayempiga ni mlezi wa zamu. Sheria ileile ya 2009 inamtaka mwanajamii mwenye taarifa za mtoto kunyanyaswa azifikishe serikali ya mtaa. Basi ahadi yako ilikuwa ya uongo tangu mwanzo. Mwambie mtoto kabla ya swali la kwanza kwamba utatunza siri isipokuwa akiwa hatarini. Na njia ya taarifa isipite mezani kwa meneja: iende kwa afisa ustawi wa kata, na namba 116 ya msaada kwa watoto iwe kwenye karatasi anayobaki nayo. Wapo wanaodai onyo hilo litawafunga watoto midomo. Ni kweli, wachache watanyamaza, na data yako itapungua. Ni bora ipungue.

Angalia pia sababu ya vifo. Baadhi ya watoto hawajui wazazi walikufa kwa ukimwi, wengine hawajui hali yao wenyewe ingawa wanameza dawa kila jioni. Swali "mama aliugua nini?" linaweza kuwa ndiyo mara ya kwanza mtoto kuunganisha mambo. Lifute. Na ripoti isitaje "msichana wa miaka 14 aliyepoteza wazazi wote kwa ajali ya basi", maana kwenye kituo cha watoto 32 hilo ni sawa na kumtaja jina.

Kuhusu kukataa, kamati itauliza jambo dogo: watoto wengine watajuaje nani amekataa? Ukiwaita mmoja mmoja, anayetoka baada ya dakika 2 anaonekana na wote, mlezi wa zamu akiwemo. Waite wote, kila mmoja akae nawe dakika 40. Asiyetaka mahojiano achore au acheze bao nawe. Daftari na kalamu zigawiwe kwa wote 32.

Usiachane na kituo, basi, ila usikubali ile sahihi moja. Utaingia na watoto pungufu. Mtoto ambaye mama yake anajulikana ila simu haipokelewi na barua haijajibiwa, hayumo kwenye sampuli, hata kama ndiye anayekufuata getini kila siku akiuliza zamu yake ni lini.