Jiko la jua: kabla ya kununua kioo, itazame sufuria yako

Jirani yangu hapa Tabata alinisimamisha getini mwezi uliopita. Alikuwa ametoka kwa fundi vioo kuulizia vipande vitatu vya kioo cha kujitazamia, vya kuweka kwenye jiko lake la jua. Jiko lenyewe ni boksi la televisheni lililokatwa na kukunjwa, ndani limebandikwa foili. "Kaka, hili jiko halichemshi. Nadhani foili haina nguvu," akasema. Nikamwomba anioneshe sufuria anayopikia. Akanitolea ya alumini, imesuguliwa kwa stili waya mpaka inameta.

Nikamwambia aahirishe kioo. Nimeona watu wengi wakitupa hela kwenye kioo wakati joto linapotea kwenye sufuria, na inaniuma kwa sababu wengi wao huishia kuliacha jiko kabisa na kurudi kwenye mkaa.

Foili safi iliyobandikwa vizuri huakisi takriban asilimia 85 ya mwanga unaoipiga. Kioo cha kawaida hakiizidi sana. Rangi yake ya fedha iko nyuma ya kioo, kwa hiyo mwanga hupenya unene wa kioo ukienda, na hupenya tena ukirudi. Ukikitazama kwa ubavuni utaona ukijani, na huo ukijani ni mwanga unaoliwa njiani. Kwa hiyo ukibadilisha foili kwa kioo unaongeza asilimia chache tu, pengine hata hizo usizipate.

Kwenye sufuria mambo ni tofauti kabisa. Alumini inayong'aa hufanya kazi ileile ya foili: inaurudisha mwanga ulikotoka. Hufyonza sehemu ndogo tu, labda moja ya tano. Ukiipaka rangi nyeusi kwa nje, mfuniko nao ukiwemo, hufyonza zaidi ya asilimia 90. Jua ni lilelile na boksi ni lilelile, lakini joto linaloingia kwenye sufuria ni zaidi ya mara nne.

Nilipima mwenyewe juu ya paa bapa la nyumba yetu. Sufuria mbili za ukubwa mmoja, lita mbili za maji kila moja, maboksi mawili ya foili yanayofanana, na kila sufuria ndani ya mfuko wa plastiki unaostahimili joto. Nilianza saa nne na nusu asubuhi, maji yakiwa nyuzi 28. Saa sita kamili ile inayong'aa ilikuwa nyuzi 46, nyeusi nyuzi 83. Siku iliyofuata, anga ikiwa nyeupe vilevile, nikaiweka ile nyeusi kwenye vioo vya upana uleule. Muda uleule nikapata nyuzi 85. Nyuzi mbili hizo hata sidai ni za kioo, kwa sababu upepo peke yake unaweza kuzileta.

Na upepo wa Dar si wa kudharau, hasa wa kusi. Sufuria nyeusi isiyofunikwa kwa plastiki au bakuli la kioo hupoteza joto kwa upepo karibu kwa kasi inayolipokea.

Kupaka kwenyewe si kazi kubwa. Isugue sufuria kwa msasa ili rangi ishike, upake rangi nyeusi isiyong'aa inayovumilia joto, nje tu, kamwe usipake ndani. Kisha iache juani tupu siku nzima mpaka harufu iishe, ndipo upikie. Usipompata muuza rangi, washa kuni uifukize sufuria kwa nje: masizi hufyonza mwanga vizuri sana. Kasoro yake ni kwamba yanachafua mfuko wa plastiki, na mfuko ukichafuka mwanga hauingii.

Jambo jingine ninalolikuta ni watu kupaka weusi kuta za boksi, eti nyeusi inavuta joto. Inavuta kweli, ila joto linabaki ukutani na upepo unalibeba. Ukuta kazi yake ni kurusha mwanga. Weusi uwe pale chakula kilipo.

Kioo kina nafasi yake. Hewa yetu ya chumvi na unyevu huifubaza foili, na boksi likilowa hupinda, mwanga ukakosa sufuria. Ukiifuta kwa kitambaa chenye unyevu na bado imebaki rangi ya majivu, bandika nyingine juu yake. Anayepika kila siku mahali pamoja pasipo watoto anaweza kuchoka na kubandika huko, akaweka kioo, mradi azibe kingo zake kwa silikoni, maana unyevu huanzia pembeni kuila ile fedha na kuacha madoa meusi.

Jirani alipaka sufuria yake Jumamosi. Jumanne saa nane mchana alinigongea na sahani ya wali.