Usanisinuru na upumuaji: kinyume kwenye hesabu, si kwenye jani la mkonge

"Mwalimu, kama mlinganyo wa upumuaji ni ule wa usanisinuru umegeuzwa tu, kwa nini tukariri yote miwili?" Ni swali la mwanafunzi wa kidato cha pili, hapa Tanga.

Hakuna haja ya kukariri yote miwili. Ukishika mmoja, wa pili unaupata kwa kugeuza mshale. Penye ubishi ni kwenye hilo neno "tu". Wako walimu wanaoshikilia kwamba usanisinuru na upumuaji wa seli ni kitu kimoja kinachokwenda mbele na kurudi nyuma. Wako pia wanaoona kauli hiyo inapotosha, na wangependa iondolewe kabisa darasani. Kila upande una hoja ya kweli, ila hoja zenyewe zinazungumzia mambo tofauti, na hapo ndipo watu wanapobishana bila kukutana.

Tuanze na wanaosema ni kinyume. Mlinganyo unaoandikwa ubaoni siku zote ni huu:

6CO₂ + 6H₂O → C₆H₁₂O₆ + 6O₂

Geuza mshale, umepata upumuaji. Atomi zimetimia pande zote, na kwa mtihani wa kidato cha pili hiyo inatosha. Lakini mlinganyo huu mfupi una jambo unalolificha, na ajabu ni kwamba ukilifichua, hoja ya kinyume inazidi kupata nguvu. Tuhesabu elektroni.

Katika kaboni dayoksaidi, kaboni ina namba ya oksidesheni +4, kwa sababu kila oksijeni imeivutia elektroni mbili. Katika glukosi mambo yamebadilika. Hidrojeni 12 zinaleta +12, oksijeni 6 zinaleta −12, kwa hiyo kaboni zote sita kwa jumla zina sifuri. Maana yake kila kaboni, kwa wastani, imepokea elektroni nne kutoka ilipokuwa. Kaboni sita mara nne ni elektroni 24. Kupokea elektroni ndiyo ridaksheni, na kuzipoteza ndiyo oksidesheni. Moja haiwezi kutokea bila nyingine, maana elektroni haipatikani hewani bure.

Nani basi amezitoa hizo 24? Ni oksijeni iliyokuwa ndani ya maji. Pale ilikuwa na −2, na inapotoka kama gesi ya O₂ ina sifuri, kwa hiyo kila atomi imeachia elektroni mbili. Ili zipatikane 24 zinahitajika atomi 12 za oksijeni, na kila molekuli ya maji inayo moja tu. Kwa hiyo maji yanayovunjwa ni molekuli 12, si sita. Mlinganyo wenye ukweli wote unakuwa hivi:

6CO₂ + 12H₂O → C₆H₁₂O₆ + 6O₂ + 6H₂O

Kihesabu unaweza kufuta maji sita kila upande ukarudi kwenye ule mfupi, na anayefanya hivyo hajakosea. Ila akishafuta, mwanafunzi hawezi tena kuona oksijeni imetoka wapi. Wengi hudhani mmea unachukua kaboni dayoksaidi, unabakiza kaboni na kutupa oksijeni yake. Mwaka 1941 Samuel Ruben, Martin Kamen na wenzao huko Berkeley, Marekani, walilipima jambo hili kwa kutumia isotopu nzito, oksijeni 18. Walipoiweka ndani ya maji ya mwani wa kijani aina ya klorela, gesi iliyotoka ilikuwa na oksijeni nzito kwa kiwango kilekile cha maji. Walipobadilisha kiwango cha isotopu hiyo kwenye chanzo cha kaboni, gesi iliyotoka iliendelea kufuata maji.

Sasa geuza mlinganyo mrefu. Glukosi, oksijeni sita na maji sita vinaingia. Kaboni dayoksaidi sita na maji 12 yanatoka. Kaboni za sukari zinaachia elektroni zilezile 24, na anayezipokea ni oksijeni tunayovuta puani, ambayo inageuka kuwa maji. Narudia kwa sababu hapa ndipo kosa linapotokea sana: oksijeni unayovuta haitoki kifuani ikiwa kaboni dayoksaidi. Oksijeni ya kaboni dayoksaidi unayotoa imetoka kwenye sukari yenyewe na kwenye yale maji sita. Usanisinuru unaitoa oksijeni kwenye maji, upumuaji unairudisha kwenye maji. Wanaosema "ni kinyume" wangetetea hoja yao vizuri zaidi kwa mlinganyo mrefu kuliko huo mfupi wanaoupenda.

Upande wa pili unaanza kwa kuuliza kuhusu nishati. Moli moja ya glukosi, yaani gramu 180, ina nishati ya karibu kilojuli 2,870 zaidi kuliko kaboni dayoksaidi na maji yaliyoitengeneza. Namba hiyo ni ileile kwenda na kurudi, na hadi hapo hakuna ubishi. Lakini hicho ni kimo cha mlima, si gharama ya safari. Kutoa molekuli moja ya oksijeni kunahitaji chembe za mwanga zisizopungua nane, kwa hiyo oksijeni sita zinahitaji 48. Moli moja ya chembe za mwanga mwekundu wa nanomita 680 ina takriban kilojuli 176, na ukizidisha kwa 48 unapata kama 8,450. Jani limelipa zaidi ya 8,000 ili kuweka akiba 2,870. Kwenye shamba halisi hasara ni kubwa kuliko hiyo.

Na kurudi je? Seli inayovunja glukosi kwa oksijeni inapata molekuli 30 hadi 32 za ATP, ile inayobeba nishati ndani ya seli, na kwa hali sanifu kila moli ya ATP hushika kama kilojuli 30.5. Jumla haifiki 1,000. Nyingine yote inatoka kama joto. Gari likipanda kutoka Mombo hadi Lushoto kisha likateremka, limerudi kwenye kimo kilekile, lakini tangi halijajaa tena. Ndiyo maana hujawahi kuona jani likitoa mwanga gizani wakati linapumua, ingawa mshale uliogeuzwa ungekufanya ulitarajie hilo. Kaboni na oksijeni zinazunguka, lakini nishati inapita moja kwa moja kutoka kwenye jua hadi kwenye joto.

Halafu kuna njia yenyewe. Usanisinuru unafanyika ndani ya kloroplasti, na mbebaji wa elektroni huko ni NADPH. Upumuaji unaanzia kwenye majimaji ya seli na kumalizikia ndani ya mitokondria, na wabebaji ni NADH na FADH₂. Hesabu ya 24 inatimia kote kuwili: kwenye kloroplasti ni NADPH 12 zenye elektroni mbili kila moja, na kwenye upumuaji ni NADH 10 na FADH₂ mbili. Zipo hatua chache za katikati ambazo njia zote mbili hupitia, hasa zile za sukari ndogo za kaboni tatu, lakini kwa sehemu kubwa vimeng'enya ni vingine. Kinachonishawishi zaidi ni ATP. Kama moja ingekuwa mashine ya nyingine iliyorudishwa nyuma, basi utando wa kloroplasti ungekula ATP pale ambapo utando wa mitokondria unaitengeneza. Sivyo ilivyo. Tando zote mbili hupitisha elektroni, hukusanya protoni upande mmoja, na kuziachia zipite kwenye kimeng'enya cha aina moja kinachotengeneza ATP.

Tazama pia moto. Glukosi ikiungua kabisa kwenye sufuria, mlinganyo wake ni uleule wa upumuaji, kwa kilojuli zilezile, na hakuna anayesema sufuria inapumua. Mlinganyo unataja walioingia na waliotoka. Haujui walipitia wapi.

Kwa sisi wa Tanga ushahidi wa jambo hili umejaa pembeni mwa barabara. Mkonge, uliofika pwani hii mwaka 1893 kwa mikono ya Mjerumani Richard Hindorf, ni mmea unaotenganisha hatua za usanisinuru kwa saa. Mchana, jua la Muheza au Korogwe likiwa kali, unafunga stomata, vile vitundu vidogo vya jani, ili usipoteze maji. Unavifungua usiku na kuvuta kaboni dayoksaidi gizani. Haiwezi kuwa sukari wakati huo, kwa kuwa elektroni za kuipatia hazipo mpaka mwanga uvunje maji. Kwa hiyo inahifadhiwa ndani ya seli kama asidi ya maliki. Kukicha, stomata zimefungwa, asidi inavunjwa, kaboni dayoksaidi inaachiwa ndani kwa ndani, na hapo ndipo mwanga na elektroni 24 zinapofanya kazi yake.

Usiku huohuo jani la mkonge linapumua kama jani lolote. Mitokondria zinatoa kaboni dayoksaidi, na sehemu ya gesi hiyo inanaswa palepale na kuingizwa kwenye asidi. Ule msemo wa "mchana mimea hutoa oksijeni, usiku hutoa kaboni dayoksaidi" ukiupima kwa mkonge unashindwa. Hewa ya chupa iliyofungwa ikiwa na kipande cha jani usiku inaweza kupungua kaboni dayoksaidi badala ya kuongezeka, na mwanafunzi anayejua mishale miwili tu atadhani ameharibu jaribio. Kwa kweli hata mwembe unapumua mchana kutwa. Usanisinuru unauzidi kasi tu, ndiyo maana hatuoni.

Mimi ningebakiza neno "kinyume" darasani, kwa masharti. Litumike kwenye hesabu ya atomi, ya elektroni na ya zile kilojuli 2,870, kwa mlinganyo wenye maji 12. Anayesema mlinganyo huo utawachanganya wanaoanza ana hoja, kwa sababu maji kuonekana pande zote mbili yanaleta maswali. Ila maswali hayo ndiyo yanayofika kwenye elektroni, na bila elektroni mwanafunzi ana herufi na namba za kukariri. Likifika kwenye njia, neno hilo liachwe.

Shule yenye mkonge karibu inaweza kuonyesha sehemu ya hili bila gharama. Kata kipande cha jani saa kumi na moja alfajiri na kingine cha uzito uleule saa kumi jioni kutoka mmea mmoja, ponda kila kimoja kwa maji kiasi kilekile, chuja, tia matone ya fenoftalini, kisha ongeza hidroksidi ya sodiamu hafifu tone kwa tone mpaka rangi ya waridi ibaki. Maji ya alfajiri yatahitaji matone mengi zaidi. Karatasi ya litmasi peke yake haifai, kwa sababu vyote viwili vinaweza kuigeuza nyekundu usione tofauti. Na glavu zivaliwe, maana utomvu wa mkonge unawasha vibaya.