Nilitoka kwenye tumbaku kwenda kwenye asali, nikabeba mizani

Juzi binamu yangu kanipigia simu toka Urambo, karani wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, kama nilivokuwa mimi, anasema dada nimechoka na tumbaku nataka kuuza pikipiki ninunue mizinga hamsini niingie kwenye asali kama wewe. Nikamwambia subiri kwanza, hiyo pikipiki usiiuze. Tukaongea hadi salio likaisha, na kwa kuwa sio yeye peke yake anayeniuliza, nimeona niandike hapa nilichomwambia, kwa kirefu.

Mimi nilikaa kwenye mizani ya tumbaku misimu sita. Kazi yenyewe ni ya mkataba, soko likifunguliwa kuanzia Aprili hivi unaitwa, likifungwa unarudi nyumbani unakaa unasubiri. Wakati naanza kufikiria kuhama watu walinishauri vitu viwili tu. Kundi la kwanza likasema rudi chuo, miaka miwili mitatu, kasome kitu kipya. Kundi la pili likasema nunua mizinga, Tabora hii asali ndo mpango mzima, Sikonge huko watu wanatoka. Maoni yangu leo, na nayasema nikiwa nimeyapitia, ni kwamba yote mawili yanakuanzisha sifuri wakati wewe huko sifuri hauko.

Tuanze na mizinga. Kufuga nyuki ni kazi kamili yenye ufundi wake. Lazima ujue wapi pa kutundika, ujue kupaka nta ili nyuki waingie (na bado mzinga unaweza kukaa mtupu msimu mzima), ujue kupanda mti usiku na moshi, ujue sega lipi limeiva na lipi uwaachie wenyewe. Mimi katika hayo nilikuwa sijui hata moja. Kwa hiyo ningeuza nilichonacho nikaenda kuwa mwanagenzi kwenye kila kitu kwa wakati mmoja, na pesa yote imeshakuwa mbao porini.

Kilichonisaidia ni kitu kidogo sana. Nilichukua daftari nikaacha kuandika "karani", maana neno karani halimwambii mtu chochote, nikaandika siku moja ya soko ilivo toka asubuhi mpaka jioni, kila mkono wangu ulichofanya. Napokea mtumba wa tumbaku, naupandisha kwenye mizani, natoa uzito wa gunia la kufungia, naandika namba ya mkulima na kilo kwenye reja, jioni najumlisha na jumla yangu lazima ilingane na ya mnunuzi hata kama tutakesha. Namweleza mkulima makato yake ya pembejeo mpaka aelewe. Nashtukia mtumba uliofungwa majani mazuri nje na mabovu katikati, na hapa nilipiga mstari mara mbili, namkatalia mzee wa watu mzigo wake mbele ya majirani bila kumvunjia heshima, na kesho anarudi kwangu sio kwa mwingine.

Hilo la mwisho sikuwahi kulihesabu kama ujuzi. Nilidhani ni tabia tu. Ila ukiangalia vizuri, ndo ujuzi ambao ungemchukua mtu mwingine miaka kuupata.

Sasa ndo nikajiuliza swali lingine kabisa, kwenye asali ni wapi watu wanafanya hivihivi? Sio kwenye mti. Ni pale mfanyabiashara anapokusanya ndoo za wafugaji vijijini, kwenye mapokezi. Nikaenda kukaa siku mbili nikiangalia tu, nikaona kitu ambacho kama hujashika mizani hukioni. Walikuwa wananunua kwa ndoo ya lita 20, ndoo ni ndoo, bei moja. Lakini asali ni nzito kuliko maji, lita moja inakaribia kilo moja na gramu mia nne, kwa hiyo ndoo ya lita 20 iliyojaa sawasawa inatakiwa isome kama kilo 28 ukishatoa uzito wa ndoo tupu. Nikaomba nipime tatu. Moja ikasoma 28 na kidogo, moja 27, moja 25 na nusu kwa sababu juu ilikuwa povu na vipande vya nta. Yule mwenye mali akanyamaza kidogo kisha akaniuliza, "Mama, wewe umetokea wapi?"

Hapo ndo niliipata hatua yangu ya kuvukia, na nataka binamu anielewe vizuri hapa. Hatua ya kuvukia ni kazi ambayo karibu yote unaijua tayari na kitu kigeni ni kimoja tu, labda viwili. Mapokezi ya asali, kupima najua, reja najua, kuongea na mfugaji najua, kukagua mzigo najua nusu. Kigeni kilikuwa asali yenyewe.

Muda nao ulipangika. Huku kwetu asali ina mavuno mawili, kubwa linakuja baada ya mvua, Mei mpaka Julai hivi, na dogo Novemba na Desemba baada ya miti ya miyombo kuchanua. Lile kubwa linagongana na soko la tumbaku, ningelifuata ningepoteza mkataba wangu kwa kitu nisichokijua. La dogo linaangukia wakati ambao karani hana kazi. Kwa hiyo nikaomba wiki nane za Novemba na Desemba, siku tano kwa wiki, shilingi 10,000 kwa siku. Nyumbani kwangu mwezi unakwenda kwa 180,000 nikibana, nikahakikisha nina 540,000 pembeni kabla ya kuanza, yaani miezi mitatu. Na nikaandika kwenye daftari kabla sijaondoka, nikiwa bado na akili timamu, kwamba ikifika mwisho wa Januari wafanyabiashara wawili wawe wamekubali kunichukua msimu mkubwa kwa si chini ya 12,000 kwa siku, la sivyo Aprili narudi kwenye tumbaku bila kinyongo.

Sasa nieleze nilipokosea, maana hapo ndo pana funzo la ujuzi usiohamishika. Kwenye tumbaku maji unayajua kwa mkono. Unashika jani, unalibinya, likivunjika limekauka kupita kiasi, likikunjika kama kitambaa kilicholowa ujue litaota ukungu kwenye mtumba. Misimu sita mkono wangu haukunidanganya sana. Nikaenda na mkono huohuo kwenye asali, nikawa naangalia uzito wake inavomiminika kwenye kijiko, nzito sawa, nyepesi kataa. Wiki ya tatu nikapokea ndoo moja nzito, nzuri, rangi ya dhahabu, nikaifunga nikaiweka. Siku chache kabla ya Krismasi mfuniko ukawa umevimba. Nikaufungua, mapovu madogomadogo yanapanda taratibu toka chini, na harufu imeshaanza kuwa kama ya pombe changa. Asali imechacha. Kilo 28, tulinunua 7,000 kwa kilo, ni 196,000, na nilikatwa yote kwenye malipo yangu. Wiki nane nilitoka na 204,000.

Mzee mmoja mfugaji wa Sikonge alikuwepo siku hiyo. Akanichotea asali nyingine kwenye kijiti, akaniambia, "Mwanangu, macho yanaona joto la siku hayaoni maji. Asubuhi na baridi asali yote nzito, saa nane mchana asali yote maji. Angalia sega. Kama nyuki hawajaziba, wewe unaharakia wapi?" Na ndivo ilivo, nyuki anaziba kijumba kwa nta asali ikishakauka vya kutosha, na aliyevuna masega yaliyozibwa nusu anakuletea maji hata kama kwenye ndoo inaonekana nzuri. Kiwango cha kimataifa cha asali ya kawaida ni maji yasizidi asilimia 20. Ukivuka hapo hamira za asili zilizomo ndani zinaanza kazi yake.

Januari nikanunua rifraktomita, kale kadude kama darubini ndogo, unadondosha tone la asali kwenye kioo, unafunika, unaangalia kwenye mwanga unasoma maji asilimia ngapi. Nikajifunza pia kwamba asali yenye joto inasomeka kama ina maji mengi kuliko iliyonayo, kwa hiyo ndoo iliyotoka kushushwa kwenye pikipiki juani unaiacha kivulini kwanza, usije ukamkatalia mtu mzigo wake kwa kosa la jua. Halafu ndoo haiachwi wazi wakati wa mvua, asali inavuta unyevu wa hewani, na inavuta harufu pia, ndo maana asali haikai stoo moja na mitumba ya tumbaku hata kwa usiku mmoja. Hilo nililikuta kwa mtu Tabora mjini, asali yake ilikuwa safi kabisa ila ukiilamba unasikia jani.

Kingine ambacho sikuhama nacho ni kupatana bei. Kwenye tumbaku bei ya kila gredi unaikuta imeshapangwa, wewe unasoma tu. Kwenye asali bei ni mdomo. Mwaka wa kwanza nilikuwa mbovu sana, mfugaji akinitajia bei nakubali au nakaa kimya, na ilibidi nikae pembeni ya mwenzangu nisikilize wiki nzima anavoanza na habari za watoto na shamba kabla ya kugusa bei.

Mwisho wa Januari ulipofika mfanyabiashara mmoja alikuwa amekubali kwa 12,000. Wa pili akasema "njoo tu tutaona". Tutaona haikuwa kwenye daftari langu. Aprili nikarudi kwenye mizani ya tumbaku, na watu wakasema si tulikwambia. Iliniuma, sitaficha. Lakini pikipiki yangu ilikuwepo, akiba ilikuwa haijaisha, na Novemba nikarudi kwenye asali na rifraktomita mfukoni, safari hii nikaomba 12,000 na hakuna aliyebisha, na sikupoteza ndoo hata moja. Januari hiyo walikuwa wawili, na mmoja alitaka niwafundishe vijana wake kutoa uzito wa ndoo tupu. Chuo cha ufugaji nyuki kipo hapahapa Tabora na nimeanza kukifikiria sasa hivi, baada ya kujua ni nini hasa sikijui, kwa hiyo nikienda nitajua cha kuuliza.

Binamu anasema yeye mizani hajakaa sana, muda mwingi alikuwa anafuatilia madeni ya pembejeo, nyumba kwa nyumba, msimu mzima. Nimemwambia aandike siku moja ya kazi hiyo yote, na asiandike "karani". Ninavoona mimi yeye asali sio njia yake fupi. Mtu anayejua kumdai mkulima na bado akakaribishwa ugali, huyo vikundi vya kukopeshana na maduka ya pembejeo vinamtafuta, na Agosti hadi Oktoba duka la pembejeo linahitaji mtu. Jumapili ananisomea daftari lake kwenye simu.