Mikanda ya DNA: Jaribio la Meselson na Stahl lilithibitisha nini, na nini liliacha wazi

"Kila kitabu kinasema Meselson na Stahl walithibitisha kwamba DNA mpya ina uzi mmoja wa zamani na mmoja mpya. Lakini picha zao zina mikanda tu, nyuzi hazionekani. Mkanda unawezaje kutoa habari za uzi?"

Mkanda peke yake hauwezi. Matthew Meselson na Franklin Stahl walilijua hilo. Katika makala yao ya 1958, kazi waliyoifanya kwenye Taasisi ya Teknolojia ya California, hitimisho lao linasema kwamba naitrojeni ya molekuli ya DNA imegawanyika sawasawa katika sehemu ndogo mbili, na kwamba sehemu hizo hubaki nzima kwa vizazi vingi. Waliandika "sehemu ndogo", hawakuandika "nyuzi". Aliyezigeuza sehemu hizo kuwa nyuzi ni msomaji, na alikuwa na sababu nzuri, kwa kuwa kielelezo cha Watson na Crick cha 1953, cha nyuzi mbili zilizosokotana, kilikuwa tayari mezani. Hata hivyo, hatua hiyo ilihitaji ushahidi wake wa pembeni, na ndiyo sehemu ambayo mafunzo mengi huiruka.

Tuanze na kile ambacho mikanda inakithibitisha bila shaka. Wakati ule kulikuwa na njia tatu za kufikiria urudufu wa DNA. Ya kwanza ni kwamba nyuzi mbili huachana na kila moja hutengenezewa mwenzake mpya, kwa hiyo kila molekuli inayozaliwa huhifadhi nusu ya ile ya zamani. Ya pili ni kwamba molekuli ya zamani hubaki nzima na pembeni yake hutokea nyingine mpya kabisa. Ya tatu ilitoka kwa mwanabiolojia Max Delbrück mwaka 1954. Yeye aliona ni vigumu mno nyuzi ndefu zilizosokotana kufumuka, akapendekeza kwamba hukatika katika kila nusu ya mzunguko, yaani kila baada ya viungo vitano hivi, kisha huungwa upya. Ikiwa ni hivyo, cha zamani na kipya vingechanganyika vipande vidogo vidogo katika kila uzi.

Ili kuzitenganisha njia hizo, bakteria wa E. coli walioteshwa kwa vizazi 14 katika mchuzi ambao naitrojeni yake yote ilitoka kwenye ¹⁵NH₄Cl, chumvi ya amonia iliyobeba naitrojeni nzito, yenye usafi wa asilimia 96.5. Baada ya hapo iliongezwa naitrojeni ya kawaida mara kumi zaidi, na sampuli zikawa zinachotwa kadiri bakteria walivyoendelea kugawanyika. Kila sampuli ilipasuliwa kwa sabuni kali, ikachanganywa na chumvi ya kloraidi ya siziamu hadi densiti ikafika 1.71, kisha ikazungushwa kwenye sentrifuji kwa mizunguko 44,770 kwa dakika, muda wa saa 20. Kani ya mzunguko huivuta chumvi kuelekea nje, kwa hiyo kimiminika huwa kizito zaidi kadiri unavyokaribia upande wa nje. DNA nayo huelea mahali ambapo densiti yake inalingana na ya chumvi, haizami zaidi ya hapo wala haipandi. Picha ya mwanga wa urujuanimno huonyesha mahali hapo kama mkanda mweusi.

Tofauti wanayoitegemea ni ndogo kuliko wengi wanavyodhani, na inafaa kuihesabu. Jozi moja ya besi, yaani viungo viwili vinavyokabiliana kwenye nyuzi mbili, ina atomi 7 au 8 za naitrojeni, tuseme 7.5 kwa wastani. Ndani ya chumvi hii DNA hubeba siziamu, kwa hiyo jozi moja huwa na uzito wa karibu 880. Kubadilisha naitrojeni yote kutoka 14 kwenda 15 huongeza 7.5 juu ya 880, ambayo ni asilimia 0.85. Zidisha kwa 1.71, kisha kwa 0.965 kwa sababu ya usafi ule, utapata 0.014. Hesabu hii haikugusa maji yanayoshikamana na DNA, lakini inakaribiana kabisa na tofauti iliyopimwa, 0.014 gramu kwa kila sentimita ya ujazo. Mkanda mpana kidogo tu ungeifuta tofauti hiyo.

Na upana wa mkanda unatokana na urefu wa vipande. Kipande kifupi husukumwasukumwa na joto na kutawanyika, kwa hiyo mkanda wake hupanuka na kuwaingilia majirani. Je, kipande kirefu kupita kiasi ndicho bora? Hapana. Kromosomu nzima ya E. coli ina jozi milioni 4.6. Kama ingeingia bila kukatika, kila moja iliyokuwa katikati ya kurudufiwa ingekuwa na densiti yake, na badala ya mikanda ungeona ukungu. Kupasua bakteria na kuchotachota kimiminika kuliikata DNA hadi vipande vyenye uzito wa molekuli wa karibu milioni 7, sawa na jozi 10,000 hivi. Urefu huo unatosha kwa mkanda mwembamba, na ni mfupi kiasi kwamba kipande karibu kila mara kimerudufiwa chote au hakijaguswa. Usafi wa picha zile unadaiwa sana ukatikaji huu.

Sasa matokeo. Mwanzoni kuna mkanda mmoja, mzito. Baada ya kizazi kimoja karibu kila kitu kiko katikati, kwenye DNA chotara, nusu nzito na nusu nyepesi. Njia ya pili inaanguka hapo hapo, kwa sababu ilidai mikanda miwili, mzito na mwepesi, bila kitu cha kati. Njia ya Delbrück bado iko hai, kwani nayo ilitabiri mkanda wa kati. Inaanguka kizazi cha pili: kwa mujibu wake mkanda ulipaswa kubaki mmoja na kusogea hadi robo ya umbali kutoka mwepesi kwenda mzito, lakini mkanda wa kati haukusogea, na pembeni yake ukatokea mwepesi unaolingana nao.

Sampuli za katikati ya vizazi zina nguvu zaidi kuliko hizi mbili za vitabuni. Chukua kizazi 1.5. Kila molekuli ya mwanzo imekuwa 2 kwa kipeo cha 1.5, yaani 2.83. Ikiwa nusu huhifadhiwa, chotara ni 2 kamili, maana nyuzi nzito zilikuwa mbili na hazipotei, na nyepesi ni 0.83 iliyobaki. Hivyo chotara ni asilimia 71. Kizazi 2.5 wanashuka hadi 35, kizazi cha tatu 25. Mahali pa mkanda hapabadiliki, kinachobadilika ni wingi wake, na picha zilifuata hesabu hiyo.

Mtu makini atauliza kuhusu naitrojeni nzito iliyobaki kwenye mchuzi, kwa kuwa hawakuuondoa, waliizidi tu mara kumi. Kama ingebaki yote, sehemu moja kati ya 11 ya kila uzi mpya ingekuwa nzito, asilimia 9. Lakini fuatilia inavyokwenda. Mkanda mwepesi husogea asilimia 9 kuelekea mzito, na chotara, ambaye nusu yake tu ni mpya, husogea asilimia 4.5. Katikati ya 9 na 100 ni 54.5, ndipo hasa chotara alipo. Kosa linawasogeza wote kwa uwiano ule ule, kwa hiyo chotara hubaki katikati. Walipopima kwa kuchanganya sampuli ya kizazi 1.9 na ile nzito, walimkuta kwenye asilimia 50, kukosea 2 juu au chini.

Hoja za upande wa pili hazianzii kwenye vipimo. Zinaanzia kwenye maana ya neno chotara. Molekuli ya densiti ya kati inaweza kuwa uzi mzito uliosokotwa na mwepesi. Inaweza pia kuwa DNA nzito kamili iliyoungwa kichwa kwa mkia na nyepesi kamili. Au inaweza kuwa DNA mbili kamili, kila moja na nyuzi zake mbili, zimelala ubavu kwa ubavu. Mpangilio huu wa tatu ulitetewa na Cavalieri na Rosenberg mwaka 1961, na haukuwa ubishi wa kijinga: kwenye sentrifuji zote tatu huelea mahali pamoja.

Meselson na Stahl walichemsha chotara kwa nyuzijoto 100 kwa dakika 30. Akagawanyika mikanda miwili, mmoja ukilingana na DNA nzito iliyochemshwa na mwingine na nyepesi iliyochemshwa, na uzito wa molekuli ukashuka hadi karibu nusu. Wengi huishia hapo na kufunga kesi. Kwa maoni yetu wanaifunga mapema. Kuchemsha kunathibitisha kwamba sehemu mbili zinaachana, lakini DNA mbili zilizolala ubavu kwa ubavu zingeachana pia na kupunguza uzito kwa nusu vile vile.

Ya kichwa kwa mkia ilikufa mwaka 1962, Ronald Rolfe alipowakatakata chotara kwa mawimbi ya sauti. Vipande vikifupishwa vya kutosha, muungo wa aina hiyo ungetoa vipande vizito tupu na vyepesi tupu. Vilibaki chotara.

Ya ubavu kwa ubavu ilihitaji swali lingine: uzi mzito umefungamana na nani? Mwaka 1963 Baldwin na Shooter walitumia bromourasili, besi nzito inayokaa mahali pa thimini na kubadilisha kiwango cha alkali kinachoachanisha nyuzi. Kama chotara angekuwa DNA mbili zilizokaa pamoja, kila moja ingeachana kwa kiwango chake, yaani mara mbili. Chotara aliachana mara moja, kwa kiwango kilicho kati ya hivyo viwili. Kwa hiyo uzi wa zamani ulikuwa umefungamana na mpya, na hapo ndipo neno "sehemu ndogo" linaweza kubadilishwa kwa haki kuwa "uzi".

Linabaki jambo moja ambalo mikanda haiwezi kulifikia hata ikiwa misafi namna gani. Vipande vilikuwa na jozi 10,000. Kama uzi ungekuwa unabadilishana cha zamani na kipya kwa mabonge ya jozi laki moja, karibu kila kipande kingeangukia ndani ya bonge moja, na mikanda ingetoka vile vile. Njia ya Delbrück ilikanushwa kwa sababu yeye alitaja mabonge ya viungo vitano. Mabonge makubwa yalihitaji kuitazama kromosomu nzima, na John Cairns aliifanya kazi hiyo mwaka 1963 kwa thimidini, kijenzi cha DNA, yenye tritiamu, hidrojeni yenye mnururisho inayoacha alama kwenye filamu: duara lenye urefu wa karibu milimita 1.1, alama zake zikienda kwa wingi ule ule kwa masafa marefu, na mahali ambapo nyuzi zote mbili ni mpya zikiwa mara mbili. Jozi laki moja ni mikromita 34, urefu ambao picha zake zingeuonyesha. Upande wa udogo nao una mpaka: kiraka cha jozi 30 kilichorekebishwa ndani ya uzi wa zamani husogeza kipande chake kwa chini ya asilimia moja ya umbali kati ya mzito na mwepesi, na hakuna mkanda wa 1958 ambao ungekionyesha.