Kipande cha Sabuni na Chupa ya Pampu Bafuni

Nyumbani nilikokulia tulikuwa watu saba, tukinawa kwa kipande kimoja cha sabuni kilichokaa kando ya bomba, na sikumbuki hata siku moja mtu kuuliza nani alikishika kabla yake. Huku ugenini ninaishi katika nyumba ya kupanga yenye wapangaji watano na bafu moja. Wiki ya kwanza niliweka kipande cha sabuni kwenye sinki, na kesho yake nikakikuta ndani ya pipa la taka, na mahali pake pamewekwa chupa ya pampu yenye sabuni ya maji. Mpangaji mwenzangu alinieleza kwa upole kwamba sabuni ya kipande hubeba uchafu wa kila anayeishika, ilhali ya maji haiguswi na mtu. Nilinyamaza kwa kuwa nilikuwa mgeni. Tangu hapo nimelifuatilia jambo hili kwa makini, na leo nasema waziwazi kwamba katika nyumba ile tulikuwa tunakiogopa kitu kisicho na hatari kubwa, huku tukikiamini kile kilichohitaji kuangaliwa.

Kwanza nikubali lililo kweli: bakteria wapo kwenye kipande. Ukikiinua kipande kilicholala katika kisahani chenye maji, utaona upande wa chini umelainika na kuwa ute, na ute huo ukipimwa maabara, bakteria hupatikana. Lakini kuwapo kwao juu ya sabuni ni jambo moja, na kubaki mikononi mwa mtu aliyekwisha kunawa ni jambo jingine. Mwaka 1988 yalichapishwa matokeo ya jaribio ambalo ndani yake vipande vya sabuni vilipakwa kwa makusudi laki kadhaa za bakteria, wakiwamo E. koli, ambao makao yao ni utumbo, kisha watu 16 wakanawa kwa vipande hivyo kama wanavyonawa siku zote. Mikono yao ilipochunguzwa baada ya kusuuzwa, hakuna hata mmoja aliyekutwa na bakteria wale kwa kiwango kinachoweza kupimika. Ni haki msomaji ajue kwamba watafiti wale walikuwa waajiriwa wa kampuni ya sabuni, lakini maelezo ya matokeo hayo yanaingia akilini. Kazi kubwa ya sabuni ni kung'oa mafuta ya ngozi pamoja na kila kilichonasa humo, na maji yanayotiririka ndiyo yanayoviondoa, wakiwamo bakteria waliotoka kwenye kipande chenyewe. Tena sabuni ya kipande ya kawaida ina ukali wa alkali, pH yake ikiwa 9 hadi 10, na kikikauka hakina maji, kwa hiyo bakteria wengi huona shida kuzaliana juu yake.

Sabuni ya maji ina hali tofauti. Sehemu yake kubwa ni maji, mara nyingi ukali wake umepunguzwa ili isiikaushe ngozi, na kinachozuia bakteria wasistawi ndani yake ni dawa ya kuhifadhi iliyotiwa kiwandani kwa kipimo maalumu. Chupa iliyotoka dukani ikiwa imefungwa haina neno. Tatizo huanza inapojazwa tena na tena bila kuoshwa, na hili ndilo ninalotamani wenzangu walielewe kuliko jingine lolote. Bakteria wakishaingia hujijengea utando ndani ya mrija wa pampu na kwenye kuta za chupa, na sabuni mpya ikimiminwa juu ya mabaki ya zamani huchafuliwa siku hiyohiyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulichunguza visanduku 14 vya sabuni vya kujaza katika shule moja ya msingi nchini Marekani, na vyote vilikutwa vimechafuliwa. Wanafunzi na watumishi waliponawa kwa sabuni ile, bakteria wa kundi la gramu-hasi, ambalo E. koli wamo, mikononi mwao waliongezeka takribani mara 26, badala ya kupungua. Hapa pia baadhi ya watafiti walifanya kazi kwa watengenezaji wa visanduku vinavyotumia mfuko wa sabuni uliofungwa badala ya kujazwa, lakini mwongozo wa afya wa Marekani wa mwaka 2002 ulikuwa tayari umewakataza wahudumu wa hospitali kuongeza sabuni katika chombo ambacho hakijaisha. Mwongozo huohuo uliiruhusu sabuni ya kipande, kwa sharti kwamba vipande viwe vidogo na vikae juu ya kitu kinachochuja maji.

Chupa yetu ilinionyesha haya kwa macho. Kila ilipokaribia kuisha, mmoja wetu aliongeza maji, mwingine akaja kumimina sabuni kidogo juu yake, na kwa miezi mingi haikuwahi kuwa tupu. Maji yale yalikuwa yanaizimua dawa ya kuhifadhi hata ikawa haina nguvu. Nilianza kushtuka sabuni ilipokuwa nyepesi kama maji matupu na kutoa harufu ya kitambaa kilichokaa na unyevu. Nilifungua pampu nikauvuta mrija, na ulikuwa umefunikwa utelezi wa kijivu ambao haukutoka kwa kusuuzwa. Ilinibidi niufute kwa kidole. Sikuupima maabara, lakini sabuni safi haina utelezi wa namna ile.

Kuna mahali ambapo sabuni ya kipande ya kushirikiana ninaikataa mimi mwenyewe, napo ni kwenye kuoga. Kunawa mikono ni kutoa povu na kulisuuza, lakini anayeoga hukisugua kipande chenyewe mwilini, pamoja na mahali penye mchubuko au jipu, kisha anayefuata hukisugua juu ya michubuko yake. Katika timu moja ya chuo ya mpira wa Kimarekani iliyokumbwa na majipu ya bakteria sugu, wachezaji walioshirikiana sabuni walionekana kuambukizwa zaidi. Kwa hiyo sabuni ya kuogea iwe ya mtu binafsi, na mwenye kidonda kinachotoa usaha asishiriki hata ile ya sinki mpaka apone.

Niliwaita wenzangu jioni moja nikawaonyesha ule mrija, na hatukuhitaji kubishana sana. Sasa tuna chupa mbili zinazopokezana. Moja ikiisha kabisa hufunguliwa, pampu na mrija huoshwa kwa maji ya moto na kusuguliwa kwa brashi nyembamba, kisha kila kitu huachwa wazi mpaka kikauke kabisa ndipo kijazwe, na wakati huo ya pili ndiyo inayotumika. Maji hayaongezwi kamwe. Kando yake kipo kipande changu, nusu ya kipande kizima ili kiishe haraka, kimekaa juu ya kichanja cha waya ambacho maji hupita chini yake. Kabla ya kunawa ninakipitisha kwanza chini ya bomba mpaka ule ute wa juu uondoke, kisha ninapaka povu hadi katikati ya vidole na kusugua kwa sekunde 20 hivi. Yule mpangaji aliyekitupa kipande changu cha kwanza bado anatumia pampu, lakini siku ya kuosha chupa ndiye anayenikumbusha.